Maswali na Majibu: Jengo la Zamani, AC Mpya, Umeme Uleule

Fundi habari, jengo letu lipo Upanga, gorofa nne, limejengwa miaka ya 60. Meni swichi imeandikwa 100A fezi tatu. Mwenye jengo anataka tufunge AC 16 za BTU 18,000. Loga ya kurekodi ampia tuliweka wiki nzima Februari. Si zinaingia?

Haziingii, na wewe angalau umeweka loga, wengine wananitumia picha ya meni swichi tu kama vile ile namba ndio umeme walionao. Namba ya kwenye swichi inakwambia swichi yenyewe inahimili nini, basi. Kinachokubana ni kile kilicho chembamba kuliko vyote kuanzia mtaani hadi kwenye bodi, na kwako ni kebo inayoingia. Kwenye picha yako ni shaba ya milimita za mraba 16. Kebo hiyo ya PVC ikiwa imefungwa ukutani kwenye joto la nyuzi 30 inabeba kama ampia 80, ila yako imepita kwenye kile kishimo cha ngazi kisicho na hewa, ambako Februari nyuzi 40 ni kawaida, kwa hiyo hesabu 70. Na usiijaze mpaka shingoni, kaa kwenye 63.

Sasa loga yako: kilele cha fezi nyekundu ampia 58, njano 31, bluu 44. Jumla 133. AC moja ya 18,000 isiyo ya inveta inakula kama ampia 8, kumi na sita ni 128. Jumlisha upate 261, gawa kwa tatu ni 87 kila fezi, na hapo nimekusaidia kwa kudhani mzigo umegawanywa sawasawa, wakati kwako haujagawanywa. Ukiunga leo bila kugusa kitu, nyekundu imebakiza ampia 5, yaani hata AC moja haikai.

Halafu kuna kitu kimoja hukuuliza. Fyuzi zako ni za 100. Ampia 87 zikipita, fyuzi ya 100 haina habari, itakaa hapo mwaka mzima huku kebo ya 70 inapikika ndani ya ukuta. Nina hakika huko nyuma kulikuwa na fyuzi ndogo, zikawa zinaungua, mtu akaona dawa ni kuweka kubwa. Rudisha fyuzi inayoendana na kebo kwanza, kabla ya habari yoyote ya AC.

Ukihamisha mzigo toka nyekundu kwenda njano mpaka zilingane, 63 mara tatu ni 189, toa 133 inabaki 56. Hizo ni AC saba kwa jumla, ila fezi zikilingana kila moja inabakiza kama 18, yaani AC mbili, kwa hiyo hesabu sita. Zikiwa zimebaki AC za zamani za dirishani na mnazing'oa, mnarudishiwa ampia zake, ila tu kama zilikuwa zinawaka wakati loga inapima, msinihesabie AC iliyokufa tangu mwaka juzi.

Mkuu, AC zote haziwaki kwa pamoja kwa hiyo si tunapunguza hesabu?

Ofisini? Saa tisa mchana mwezi wa pili, Dar? Zinawaka zote, tena zote zimewekwa nyuzi 16.

Nimepima na klampu mita saa nne asubuhi nikapata ampia 40. Inatosha au mpaka niweke loga?

Saa nne watu ndio kwanza wanakunywa chai. Klampu inakupa dakika ile tu. Loga ikae wiki moja ili ikamate siku za kazi zote na mwisho wa wiki, na iwe kipindi cha joto, Desemba mpaka Machi, maana vipimo vya Julai vinadanganya kweli. Pima na waya wa nyutro pia, watu wanausahau. Na tafadhali, mliokuwa mnaniuliza kuhusu risiti za LUKU: uniti za mwezi zinakupa wastani. Uniti 3,000 kwa mwezi ni kama kilowati 4 ukigawa kwa masaa yote, wakati mchana jengo linaweza kuvuta 30. Kebo inaungua mchana, haiungui kwa wastani.

Fundi wetu anasema za inveta hazili umeme, tufunge hizo tusipime.

Zinakula kidogo chumba kikishapoa, na hazishtui umeme wakati wa kuwaka. Ila chumba kikiwa cha moto zinavuta karibu sawa na zingine. Soma kibandiko, chukua ampia ya juu kabisa iliyoandikwa, ndio uipigie hesabu. Na huyo fundi muombe leseni yake ya EWURA.

Gorofa ya pili AC ikiwaka, taa za gorofa ya tatu zinaongeza mwanga mpaka zinaungua. Tatizo ni AC?

Dada, acha kusoma kazime meni swichi, narudia, zima. Taa zikififia peke yake inaweza kuwa waya mwembamba. Zikififia huku na kung'aa kule, nyutro imelegea au imekatika. Fezi na fezi kuna volti 400, nyutro ndio inayoshikilia kila fezi ibaki 230, ikiachia, fezi yenye mzigo mdogo inapanda, inaweza kufika 300 na zaidi, friji na kompyuta zote kwaheri. Fundi mwenye leseni apime volti za kila fezi na nyutro pale kwenye bodi wakati kompresa inawaka: moja ikishuka na nyingine ikapanda, umeshapata jibu. Kama muungio mbovu uko kabla ya mita, hapo ni kazi ya TANESCO, asiguse mtu mwingine.

Nyaya zetu za zamani mbona zinapitisha umeme fresh tu, kwanini kila fundi anataka kubadilisha?

Hapa mafundi wengine kweli wanatafuta kazi, kwa hiyo msibadilishe kwa maneno, badilisheni kwa kipimo. Fungua soketi moja, kunja waya kidogo. Kama ganda ni la mpira na linamomonyoka mkononi kama biskuti, hakuna mjadala, waya ule unaishi kwa sababu hakuna aliyeugusa, na kufunga AC ni kuugusa. Kama ni PVC, zima, chomoa kila kifaa, pima ganda la waya na mega ya volti 500. Chini ya megaomu 1 saketi hiyo haipiti. Usipime vifaa vikiwa vimechomekwa, utaua vifaa na kipimo kitakudanganya.

Mengine mawili. Majengo haya mengi ethi ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma, baadaye bomba likabadilishwa la plastiki na ethi ikafa kimyakimya, AC yenye kasha la chuma juu ya ukuta wenye unyevu bila ethi ni hatari. Pia rangi: zamani nyeusi ilikuwa nyutro na bluu ilikuwa fezi, siku hizi bluu ndio nyutro na nyeusi ni fezi. Kwenye jengo lililorekebishwa vipande vipande utazikuta zote kwenye bodi moja. Testa kwanza, rangi baadaye.

Tukikosa nafasi tunaongeza vipi umeme, na AC tumeshanunua?

Mmeanza mwisho. Ombeni TANESCO kuongezewa mzigo mkiwa na vipimo vya loga na orodha ya AC, wao wataangalia kebo na pia transfoma ya mtaa kama ina nafasi, na ikiwa haina mtasubiri. Wakati mnasubiri fungeni zile zinazoingia, zingine zikae kwenye maboksi.