Taa ya ABS haizimiki

«Taa ya ABS inawaka tangu juzi na haizimiki. Freni ziko bado ao nipaki gari?»

Ziko, kaka. Ukikanyaga zinashika kama kawaida, ila bila ABS tairi inaweza kufunga. Ile pedali kutetemeka chini ya mguu hutaisikia tena: kwenye lami yenye maji gari litateleza moja kwa moja mbele, hata ukikata usukani halikusikii. Hapo legeza mguu kidogo tairi izunguke, kisha kanyaga tena. Wale wanaosema «pompa freni» wana haki kwa gari lako la sasa. ABS ikirudi, kanyaga na ushikilie. Kwenye changarawe tairi iliyofunga inajichimbia, gari linaweza hata kusimama mapema zaidi, lakini kona hupati.

Yangu iliwaka kisha kutoka Sake: jiwe lilikwaruza waya wa sensa nyuma ya tairi ya mbele, kuume. Fundi aliisoma kwa mashine, hakubadilisha kitu ila waya.

Kama taa nyekundu ya freni inawaka pamoja nayo, hiyo ni mambo ingine. Simama, angalia mafuta ya freni kwanza.