Nukta Kabla ya Sukari: kwa wanaoanza kuandika vichekesho

Wadogo zangu mnaoniletea vichekesho vya jarida letu la ukutani hapa Tabora, nimezipitia tena karatasi zenu, na tena nimekuta kichekesho kizuri kimeharibiwa na alama zake. Naudhika kwa sababu wazo lilitoka kwa kijana anayejua kuwasikiliza watu sokoni. Alikileta hivi:

Mama mmoja alimuuliza muuza asali kama ameichanganya na sukari, muuza asali akajibu hata kidogo kwa sababu sukari imepanda bei sana siku hizi !!!

Kilibandikwa hivyohivyo. Waliokisoma walikielewa, wakapita zao bila kucheka.

1. Tafuteni mahali ambapo msomaji anaridhika. Kichekesho hiki kina majibu mawili. La kwanza, "hata kidogo", linamtuliza mama na msomaji pamoja. La pili linafichua kwamba kilichomzuia muuzaji ni bei, wala si uaminifu. Ili la pili lipige, ni lazima la kwanza liwe limeaminiwa, na hakuna anayeamini jibu ambalo bado halijaisha. Mkato humwambia msomaji asubiri, kuna kitu kinakuja. Nukta humwambia kwamba jambo limekwisha. Hapa kijana hakuweka hata mkato. Aliweka "kwa sababu", maneno yanayotangaza maelezo kabla hayajafika, tena yanayomnyang'anya msomaji ile kazi ya kuunganisha majibu mawili, ambayo ndiyo hasa inayomchekesha. Halafu tazameni mwisho: kicheko kinatakiwa kitoke kwenye "bei", lakini msomaji anaburutwa kupitia "sana siku hizi" kabla hajaruhusiwa kucheka. Nilikaa naye, tukafuta, tukabaki na hiki:

Mama: Baba, kweli asali hii hujaichanganya na sukari?
Muuzaji: Hata kidogo, mama.
Sukari imepanda bei.

Alipoona kwamba mstari mpya unasaidia, akataka kuacha mistari mitatu mitupu kabla ya sukari. Nilimkatalia. Jicho likishuka kwenye mstari mpya baada ya nukta, linakuwa limepata pumzi moja, na muuzaji huyu hahitaji zaidi ya hapo. Pengo kubwa linamwambia msomaji ajiandae. Akijiandaa anaanza kukisia, na kichekesho kifupi namna hii hakistahimili kukisiwa.

2. Nukta tatu ni za msemaji anayesita. Kijana huyohuyo alipendekeza "Hata kidogo... mama", akiamini kwamba kusubirisha ni kusubirisha tu. Kisomeni kwa sauti mtasikia tatizo: muuzaji anayesita ameshajulikana kuwa ana hatia, na sukari ikifika haina la kufichua. Raha ya mtu huyu ni kwamba anajibu upesi, kwa heshima, bila wasiwasi wowote. Kwa mhusika anayetafuta uongo mdomoni, nukta tatu zinafaa kabisa.

3. Msiutegemee mstari mpya peke yake. Mpangaji wa kurasa akikosa nafasi ataiunganisha mistari yenu, na kwenye simu yenye kioo chembamba sentensi ndefu hujikata yenyewe mahali ambapo hamkukusudia. Kwa hiyo vunjeni mstari mwisho wa sentensi, msiuvunje katikati, kisha mjaribu kukiandika kichekesho chote kwa mfululizo. Kikifa, jueni kwamba pumzi ilikuwa kwenye nafasi tupu tu. Pumzi hiyo inaweza kutengenezwa kwa maneno:

"Hata kidogo, mama," akajibu muuzaji huku akifunga chupa. "Sukari imepanda bei."

Maneno "akajibu muuzaji huku akifunga chupa" yanakaa palepale palipokuwa na mstari mpya, yanachukua muda wake, na hakuna mpangaji atakayeyaondoa kwa bahati mbaya. Yasizidi hapo. Mkimfanya pia afute jasho, asalimiane na jirani na kuhesabu chenji, msomaji atakuwa ameshalisahau swali la mama, na bila swali hilo bei ya sukari ni habari tu.

4. Msiache nafasi kabla ya alama. Zile alama tatu za mshangao, kwa kuwa zilitanguliwa na nafasi, zilidondoka peke yake kwenye mstari wa chini, na jicho la mpita njia likaenda huko kabla ya kusoma lolote. Hata zingekaa mahali pake nisingezikubali, kwa sababu zinampandisha sauti mtu ambaye kichekesho chote kinategemea utulivu wake. Nafasi mbili au tatu mfululizo kati ya maneno nazo hazisaidii, maana kurasa za mtandaoni kwa kawaida huzibana zikawa moja.

5. Watu wawili wanaokatana maneno hawataki mstari mtupu popote. Hapo wekeni kistari kirefu pale anapokatizwa wa kwanza, na jibu la wa pili lianze kwenye mstari unaofuata bila "akasema" yoyote.