Asilimia 2 ghali kuliko asilimia 3: mkopo wa friza na mifuatano ya namba

Mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja hapa Chake Chake aliniletea karatasi mbili za mkopo. Alitaka kununua friza ya kuuzia barafu na juisi, bei yake shilingi 1,200,000, na wakopeshaji wawili walikuwa tayari kumpa pesa hizo azirejeshe kwa miezi 12. Wa kwanza alitaka riba ya asilimia 2 kwa mwezi, wa pili asilimia 3. "Maalim, hapa pana la kuuliza kweli? Si nichukue hii ya mbili?" Nikamwomba aniachie karatasi zake mpaka jioni, nikaenda nazo twisheni, tukaziandika ubaoni.

Tangu siku ile, kila ninapofundisha mifuatano huanzia kwenye mkopo huu, kabla ya kanuni yoyote. Ndani yake imo mifuatano yote miwili: ule wa kujumlisha, mnaouandika AP kwenye daftari, na ule wa kuzidisha, GP. Na wanafunzi wengi wanaokwama kwenye maswali ya mikopo hawajui ni upi uko wapi. Wanachagua kanuni kwanza, swali wanalisoma baadaye. Ushauri wangu ni kinyume chake. Andika miezi mitatu ya mwanzo kwa namba tupu, uone kinachotokea, ndipo uitafute kanuni.

Tuanze na karatasi ya kwanza. Asilimia 2 ya nini? Maandishi yalisema ya mkopo wote wa mwanzo, kila mwezi. Basi riba ni 24,000 mwezi wa kwanza, 24,000 mwezi wa pili, na 24,000 hadi mwezi wa 12. Huu ni mfuatano wa kujumlisha ambao tofauti yake ni sifuri. Jumla ya riba ni 288,000, na rejesho la kila mwezi ni 100,000 za deni lenyewe na 24,000 za riba, yaani 124,000. Angalia lakini mwezi wa mwisho: mama huyu atakuwa amebakiwa na deni la 100,000 tu, na bado analipia riba ya 1,200,000.

Karatasi ya pili ilisema asilimia 3 ya salio, yaani ya deni lililobaki. Kila mwezi analipa 100,000 za deni, na juu yake riba ya kile ambacho bado hajakilipa. Mwezi wa kwanza salio ni 1,200,000, riba 36,000. Mwezi wa pili salio ni 1,100,000, riba 33,000. Wa tatu, 30,000. Sasa mfuatano unaonekana wenyewe: muhula wa kwanza 36,000, tofauti ni kutoa 3,000, mihula 12. Muhula wa mwisho ni

```
36,000 + (12 - 1) × (-3,000) = 3,000
```

na jumla ni nusu ya mihula mara muhula wa kwanza na wa mwisho vikijumlishwa:

```
12/2 × (36,000 + 3,000) = 234,000
```

Kwa hiyo asilimia 3 inamgharimu riba ya 234,000, na asilimia 2 inamgharimu 288,000. Darasa zima lilirudia hesabu kuhakikisha. Ile namba ndogo iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi ndiyo iliyokuwa ghali kwa shilingi 54,000.

Jumla ndogo hata hivyo haimalizi maneno. Kwa karatasi ya pili, rejesho la mwezi wa kwanza ni 136,000, la pili 133,000, linashuka hivyo hivyo hadi 103,000. Miezi minne ya mwanzo analipa zaidi ya 124,000, wa tano analipa sawasawa, na kuanzia wa sita ndipo anapata nafuu. Kwa mtu anayeanza biashara ya barafu, miezi ya mwanzo ndiyo migumu. Akiichukua friza karibu na Ramadhani atauza; akiichukua katika mvua za masika, 136,000 zinaweza kumshinda. Mfuatano unakupa jumla, na pia unakuonyesha mzigo umekaa mwezi gani, kwa hiyo mihula yenyewe usiiruke.

Mkopeshaji wa pili alikuwa na njia nyingine pia: riba ile ile ya asilimia 3 ya salio, lakini marejesho yawe sawa kila mwezi. Hapa ndipo GP inapoingia, na hapa ndipo nataka ukae zaidi.

Liite rejesho M. Kila mwezi salio linafanyiwa mambo mawili kwa mpangilio huu: kwanza linakua kwa asilimia 3, maana yake linazidishwa kwa 1.03, kisha M inatolewa. Andika miezi miwili ya mwanzo, ukiiita 1,200,000 herufi P:

```
mwezi 1:  1.03P - M
mwezi 2:  1.03²P - 1.03M - M
```

Endelea hadi mwezi wa 12, ambapo salio lazima liwe sifuri:

```
1.03^12 P = M × (1 + 1.03 + 1.03² + ... + 1.03^11)
```

Kilichomo kwenye mabano ni GP: muhula wa kwanza 1, uwiano 1.03, mihula 12. Jumla yake ni (1.03^12 - 1) gawanya kwa 0.03. Kwa kuwa 1.03^12 ni 1.42576, jumla hiyo ni 14.192. Upande wa kushoto ni 1,710,913. Gawanya, M inakuja kama 120,555. Mara 12 ni kiasi cha 1,446,660, na riba ndani yake ni karibu 246,660. Imezidi ile 234,000 kwa sababu deni lenyewe linapungua polepole zaidi miezi ya mwanzo. Hata hivyo bado iko chini ya 288,000, na kila mwezi rejesho lake ni dogo kuliko 124,000.

Makosa ninayokutana nayo hapa ni yale yale. Mwanafunzi anaweka uwiano 0.03 badala ya 1.03. Au anaona kipeo cha mwisho ni 11, anahesabu mihula 11, akisahau kwamba ile 1 ya mwanzo ni 1.03 kwa kipeo cha sifuri. Au anakadiria mapema, anaandika 1.43 badala ya 1.42576. Kosa hili la mwisho linaonekana dogo, lakini linamfikisha kwenye rejesho la kama 119,720, pungufu kwa zaidi ya shilingi 800 kila mwezi. Acha tarakimu tano baada ya nukta mpaka mstari wa mwisho, ndipo ukadirie.

Na iko njia nzuri ya kujihakiki ambayo haichukui muda. Mwezi wa kwanza riba ni 36,000, kwa hiyo katika 120,555 kilichopunguza deni ni 84,555. Salio sasa ni 1,115,445, riba ya mwezi wa pili 33,463, na kilichopunguza deni ni 87,092. Gawanya 87,092 kwa 84,555: utapata 1.03. Sehemu zinazopunguza deni nazo ni GP yenye uwiano ule ule, na zote 12 zikijumlishwa lazima zirudi kwenye 1,200,000. Zidisha 84,555 kwa 14.192 uone. Ikitofautiana kwa shilingi chache, ni makadirio. Ikitofautiana kwa maelfu, rudi nyuma.

Wanafunzi wa kidato cha tano wanapenda kuuliza: ile asilimia 2 ya mkopeshaji wa kwanza ingekuwa ngapi kama ingehesabiwa kwa salio? Hakuna kanuni ya mkato, unajaribu. Weka 1.035 mahali pa 1.03, rejesho linatoka kama 124,180. Limezidi 124,000 kidogo tu, basi riba yake ya kweli ni chini kidogo ya asilimia 3.5 kwa mwezi.

Huulizwa pia, na ni haki yao: Maalim, riba si haramu? Ndiyo, na kujua kuihesabu si kuila. Tena hesabu hii inakusaidia kuelewa mikataba mingine. Katika murabaha, benki inainunua friza yenyewe, kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa wazi, tuseme 1,488,000, ulipe 124,000 kwa miezi 12. Kwa namba, mfuatano ni ule wa karatasi ya kwanza, tofauti sifuri. Kwa mkataba ni mauzo, na bei iliyokubaliwa haiongezeki. Ukitaka kuilinganisha na bei ya dukani, hesabu zako ni zile zile.

Yule mama angeweza pia kuweka akiba kwanza. Tuseme anaanza na 40,000 mwezi wa kwanza na kuongeza 5,000 kila mwezi. Atafika lini 1,200,000? Kwa maelfu, jumla ya miezi n ni n/2 × (80 + 5(n - 1)), na ukiilinganisha na 1,200 unapata n² + 15n - 480 = 0, ambayo jibu lake chanya ni kama 15.66. Jibu la swali ni 16, na lingekuwa 16 hata kama ungepata 15.2, kwa sababu mwisho wa mwezi wa 15 pesa bado hazijatimia: ni 1,125,000. Mwezi wa 16 zinafika 1,240,000.

Ikiwa anaweka kiasi kilekile, 80,000 kila mwezi, mahali ambapo pesa zinakua kwa asilimia 0.5 kwa mwezi, basi kila amana ni muhula wa GP yenye uwiano 1.005. Swali la kuliangalia ni moja: anaweka mwanzo wa mwezi au mwisho? Mwisho wa mwezi, amana ya 12 haikui hata kidogo, na jumla ni kama 986,845. Mwanzo wa mwezi, kila amana inapata mwezi mmoja zaidi, zidisha jumla yote kwa 1.005, utapata kama 991,779. Maneno "mwanzo" na "mwisho" kwenye swali yapigie mstari.

Lakini kanuni hiyo inataka uwiano usiobadilika na unaojulikana mapema. Akiba ya mudaraba haiko hivyo: mnakubaliana mtakavyogawana faida, si faida yenyewe itakuwa ngapi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa navyo ni hivyo hivyo. Hisa unazonunua wiki hadi wiki unaweza kuzijumlisha mwenyewe kabla mwaka haujaisha, lakini sehemu yako ya faida inajulikana siku ya mgao, sanduku likishafunguliwa. Hapo GP ya kukuambia jibu mapema haipo. Gawanya faida ya kikundi kwa hisa zote, zidisha kwa hisa zako.