Kalori za biskuti na pipi za kuhesabu: anza na robo kilo

Swali: "Wakuu, nimeanza kuandika kalori kwenye simu. Shida yangu biskuti na pipi nanunua kwa Mangi moja moja, hazina pakiti, na programu inataka gramu. Chokoleti nazo naletewa za bati kutoka Muscat. Nyie mnakadiriaje kama huna mzani wa jikoni?"

Mkuu, mzani upo palepale kwa Mangi. Ule anaopimia maharage na sukari unatosha, ila usiweke biskuti moja juu yake. Biskuti ya kawaida ina gramu 5 hadi 8, na mzani wa duka hauoni kitu chepesi hivyo. Mwambie, "Mangi, nipimie robo ya hizi," akishaweka uhesabu ziko ngapi. Gawanya 250 kwa idadi hiyo, umepata uzito wa biskuti moja. Kazi hiyo unaifanya mara moja, siku nyingine zote unahesabu vipande tu.

Nikupe mfano wa kwangu. Hapa Tanga nanunua zile biskuti za duara zisizo na krimu, Mangi anazitoa kwenye katoni kubwa. Robo ilitoa biskuti 38. Ukigawanya unapata gramu 6.6 kwa biskuti. Ubavuni mwa katoni pameandikwa kalori 460 kwa gramu 100, yaani 4.6 kwa kila gramu. Zidisha 6.6 kwa 4.6, unapata 30. Kwa hiyo biskuti tano na chai ni kalori 150, na vijiko viwili vya chai vya sukari vinaongeza kama 35 hivi.

Sasa angalia jambo ambalo wengi humu jukwaani wanalipita. Tuseme katoni haina maandishi, nami nikakisia 440 badala ya 460. Biskuti ingekuwa kalori 29. Nikikisia 490, ingekuwa 32. Tofauti ni ndogo mno. Lakini nikikisia uzito kwa macho, nikasema gramu 5, napata 23. Nikisema gramu 9, napata 41. Ndiyo maana nawashangaa watu wanaobishana wachague biskuti ya aina gani kwenye orodha ya programu, huku gramu wameandika kwa kukisia tu. Macho hayajui uzito wa biskuti, kwa sababu nene yenye matundu ndani inaweza kuwa nyepesi kuliko nyembamba iliyoshikana. Ukishika uzito wa kipande, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kwenye kupima kuna mambo machache ya kuangalia. Hakikisha mzani uko sifuri kabla hajaweka kitu, na chagua biskuti nzima tu, maana ukichanganya na vipande vilivyovunjika hesabu inaharibika. Kama una wasiwasi na mzani wenyewe, mwombe aweke pakiti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa uone inasoma ngapi. Mzani ukisema robo wakati ukweli ni gramu 220, utapata biskuti chache kwenye robo yako, na hesabu itakuambia kila moja ni nzito kuliko ilivyo. Kwa mtu anayepunguza mwili hilo halina madhara makubwa, kwa sababu utakuwa unaandika kalori zaidi ya ulizokula. Ila kama mfuko wa maharage ni mwepesi na unajua umelipia kilo nzima, hilo ni suala jingine kati yako na Mangi.

Sisi wa pwani tuna la ziada. Wakati wa masika biskuti zilizoachwa wazi zinavuta unyevu na kulainika. Uzito unaongezeka kidogo, lakini yaliyoongezeka ni maji, na maji hayana kalori. Pima zikiwa kavu, zinazokatika kwa mlio, na utumie namba hiyohiyo hata siku utakayouziwa zilizolegea.

Kama katoni haina maandishi, au biskuti zinaokwa na mama jirani, unahitaji kukadiria kalori za kila gramu. Hapa kuna njia rahisi niliyoitegemea sana. Sukari na unga vina kalori 4 kwa gramu, mafuta yana 9. Vitu hivi vikavu vimejaa sukari, unga na mafuta, kwa hiyo ukianza na 400 kwa gramu 100, kila gramu ya mafuta inayochukua nafasi ya unga au sukari inaongeza 5. Pipi ngumu haina mafuta, inabaki karibu na 390 kwa sababu ya maji kidogo yaliyomo. Biskuti yenye mafuta gramu 15 inafika 475, ukitoa maji na nyuzinyuzi unarudi kwenye 455 hivi. Chokoleti ya maziwa yenye mafuta gramu 30 inakaribia 540. Hivyo swali unalojiuliza ni moja tu: ina mafuta kiasi gani?

Kujua hilo, chukua karatasi nyeupe ya daftari, weka biskuti juu, bonyeza kidogo, iache karibu na dirisha lenye jua kwa muda, kisha inyanyue. Karatasi ikibaki safi au na alama hafifu, tumia 440. Ikiwa na doa la mafuta linaloonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga, tumia 480. Doa likiwa pana, na vidole vimebaki na utelezi, kama vileja vya samli au biskuti za siagi zinazovunjika mdomoni, tumia 510. Jua ni muhimu kwa sababu mafuta magumu ya kuokea hayatoki vizuri asubuhi ya baridi. Kipimo hiki kinakuambia kundi, hakikupi namba kamili, ila kama ulivyoona hapo juu, kundi linatosha. Biskuti za krimu ziweke kwenye 490 bila hata kuhangaika na karatasi. Ila uzito wake upime upya, kwa sababu ile ya pande mbili na krimu katikati mara nyingi inafika gramu 10 hadi 12, yaani kalori 50 na zaidi kwa moja.

Pipi ni rahisi kuliko zote. Makopo ya plastiki ambayo Mangi anayapanga mbele ya duka huwa yameandikwa uzito wa pipi, na mengi yameandikwa na idadi. Kopo la gramu 600 lenye pipi 150 maana yake kila pipi ina gramu 4. Zidisha kwa 3.9, ni kalori 16. Tofi na pipi za maziwa zina mafuta kidogo, weka 4.3, unapata 17. Kalori moja hiyo haina maana ya kuumiza kichwa. Kama kopo halina idadi na ukaamua kupima pipi mwenyewe, kumbuka karatasi zake. Kwenye kitu cha gramu 4, karatasi na ule msokoto wa pembeni vinaweza kuwa asilimia 10 ya uzito, kwa hiyo pima robo ya pipi, kula, kusanya makaratasi, uyapime kwa pamoja kwenye mzani wa mtu mwenye wa dijitali, au punguza tu gramu moja katika kila kumi. Pipi ya kijiti toa kijiti. Bablishi usiihesabu nzima, maana ule mpira unautema; kinachoingia mwilini ni sukari iliyomo.

Tatizo la pipi ni idadi. Unanunua za mia tano, mbili unampa mtoto, moja unakula ukisubiri daladala, nyingine unasahau kama ulikula. Mimi naweka makaratasi mfukoni, jioni nayahesabu. Pipi kumi ambazo hukuziandika ni kalori 160, zaidi ya zile biskuti tano ulizoziandika kwa uangalifu.

Kwenye chokoleti ndipo uwe makini zaidi, kwa sababu hapo kipande kidogo kinabeba vingi. Ya mche mmoja iliyogawanyika vyumba ni rahisi: gawanya uzito wa mche kwa vyumba. Mche wa gramu 100 wenye vyumba 24 una gramu 4.2 kwa chumba, kalori 22 au 23. Lakini hizo za bati za kutoka Muscat zimechanganywa. Ndani ya bati moja kuna yenye karameli, yenye kaki nyembamba, yenye lozi nzima, na ile ya mviringo yenye njugu na karatasi ya dhahabu. Uzito ulioandikwa kwenye bati ukiugawanya kwa idadi unapata wastani, ambao ni mzuri kama utakula bati zima kwa mwezi, ila hautakusaidia kama wewe unachagua za njugu tu. Za mviringo za njugu zina gramu 12 hadi 13, na kwa kuwa njugu nazo zina mafuta mengi, zinafika kalori 600 kwa gramu 100. Moja ni kama 75. Hiyo ni sawa na biskuti mbili na nusu za Mangi, au pipi karibu tano. Zenye karameli ni nyepesi kidogo kwa kalori, weka 490. Zitenge kwa aina, hesabu kila aina mara moja, andika ndani ya kifuniko cha bati kwa kalamu.

Angalia pia kipimo kilichoandikwa. Bati nyingi za Ghuba na za Ulaya zinaandika kJ kwanza, kcal baadaye. Tunachokiita kalori ni kcal. Ukiona namba inayozidi 900 kwa gramu 100, hiyo ni kJ, kwa sababu hata mafuta matupu hayapiti 900. Igawanye kwa 4.2. Kwa mfano 2,250 inakuwa 536, na hapo unaona ni chokoleti ya maziwa ya kawaida. Soma tena kama namba ni ya gramu 100 au ya mlo mmoja. Ikiwa ya mlo na pameandikwa "biskuti 4, gramu 30", wamekurahisishia: kila moja ni gramu 7.5.

Usiandike desimali kwenye simu. Maandishi ya pakiti yenyewe yanapishana na ukweli. Marekani sheria inavumilia kalori halisi kuzidi zilizoandikwa hadi asilimia 20. Kwenye programu yako tafuta sehemu ya kuongeza chakula chako mwenyewe, andika "biskuti ya Mangi, kipande 1, kalori 30", "pipi ya kopo jekundu, 16", na kadhalika. Mangi akibadilisha katoni, omba robo nyingine uhesabu upya, kwa sababu biskuti zinazofanana sura kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana gramu mbili bila wewe kuona.