Usiandike "mursal, dhaifu" ukafunga kitabu

Vijana wa darsa, kila kundi jipya linaanguka palepale. Mnamwona taabii, yaani aliyewakuta masahaba lakini hakumkuta Mtume, anasema "Mtume alikataza", mnaandika pembeni "mursal, dhaifu", kisha mnahamia mlango mwingine. Mmeihukumu isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, lakini mas'ala yenyewe bado hamjayagusa.

1. Tazama kwanza pengo liko wapi. Taabii akimrukia Mtume (s.a.w.) moja kwa moja, hiyo ni mursal. Mpokezi akikosekana katikati ni munkatii, na wakikosekana wawili mfululizo ni mu'dhal. Ila Imamu Shafii katika Risala anaiita hata mursal munkatii, kwa hiyo msimsome kwa istilahi za waliokuja baadaye.

2. Hapa ndipo mnapoumia. Muulizwe na mchinjaji wa Kwa Mrombo: mfugaji ameleta mbuzi hai, anataka apewe nyama badala ya pesa, inafaa? Hadithi iko katika Muwatta, kitabu cha Imamu Malik: Malik kutoka kwa Zaid bin Aslam, kutoka kwa Said bin Musayyab, kwamba Mtume alikataza kuuza mnyama kwa nyama. Said ni taabii, hakumwona Mtume. Mkiishia kwenye "dhaifu", mtamjibu mchinjaji kwamba hakuna katazo, na mtakuwa mmekwenda kinyume na madhehebu ya Shafii mnayoyasoma wenyewe.

Tatizo la mursal si kukosekana kwa sahaba, maana masahaba wote ni waadilifu. Tatizo ni kwamba huenda aliyeachwa ni taabii mwingine tusiyemjua. Ndiyo maana Shafii haikubali mursal ya kila mtu. Anaangalia kama msemaji ni taabii mkubwa, kama akitaja watu huwataja waaminifu tu, na kama ipo nguzo ya nje: isnadi nyingine iliyoungana, mursal ya mtu mwenye walimu tofauti, kauli ya sahaba, au fatwa za wanazuoni wengi. Moja katika nguzo hizo yatosha.

Sasa rudini kwa Said. Ni taabii mkubwa wa Madina. Shafii amepokea kwamba Abu Bakar alimkataza mtu aliyeleta mbuzi mchanga akitaka fungu la nyama ya ngamia. Na Abu Zinad anasema kila aliyemkuta alikuwa akikataza. Basi mursal imesimama, na Minhaji, kitabu cha fiqhi ya Kishafii, inaharamisha, hata nyama ikiwa ya jinsi nyingine. Mfugaji amuuzie mchinjaji mbuzi kwa shilingi, kisha anunue nyama.

Jirani wa Hanafi atawaambia inajuzu, ingawa Abu Hanifa anakubali mursal ya mwaminifu. Kwa hiyo kukubali mursal peke yake hakumalizi mas'ala.

3. Munkatii hukaguliwa kwa miaka. Hasan Basri akisema "kutoka kwa Umar", kumbukeni alizaliwa Umar amebakiza kama miaka 2 ya uhai wake. Hakusikia kwake, hata neno "kutoka kwa" likisomeka vizuri namna gani.