Boksi la kilo 6.4 kutozwa kilo 16: tuanze na zile picha

*"Wakuu, mteja wangu wa Unguja anatuma vikapu vya ukili Muscat. Alinitumia picha za boksi likiwa na futi kila upande (nimeziambatisha): urefu 48, upana 40, kimo 36. Mzani kilo 6.4. Nikagawa kwa 5000 nikapata kilo 14, nikamchaji hivyo. Kampuni imenikata kilo 16. Hizo kilo 2 zimetoka wapi, au ndiyo nimepigwa?"*

Hesabu yako iko sawa, mkuu. Kasoro imeanzia kwenye vipimo ulivyovisoma. Nimekaa dirisha la kupokea vifurushi miaka sita hapa Dar, na kosa kama hili limenila mfukoni zaidi ya mara moja.

Kwa wanaopita tu: kampuni za haraka za ndege hulinganisha uzito wa mzani na uzito wa ujazo, halafu zinatoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000, kisha unapandishwa hadi nusu kilo inayofuata. Sentimita za ujazo 5000 ni lita 5, kwa hiyo kila lita 5 za nafasi zinahesabiwa kilo moja. Dumu la lita 20 likiwa tupu kabisa linatozwa angalau kilo 4, na kwa kweli zaidi, maana linapimwa kwa nje pamoja na mpini wake. Vikapu vya ukili ni ndugu wa dumu tupu: vingi ndani ni hewa.

Sasa tuligeuze swali, tuanzie kwenye risiti. Kilo 16.0 kwa kupandisha nusu nusu maana yake hesabu yao imeangukia juu ya 15.5 na haijavuka 16. Zidisha kwa 5000 unapata ujazo uliozidi 77,500 na usiozidi 80,000. Wako ni 48 × 40 × 36, yaani 69,120. Kwa hiyo kuna zaidi ya lita 8 walizoziona wao na wewe hukuziona. Hizo si za mtu kukosea milimita mbili.

Angalia picha yako ya tatu, ya kimo. Futi imesimamishwa kwenye kona ya boksi, imeenda juu vizuri, inasoma 36. Lakini kona ndiyo mahali ambapo boksi halivimbi kamwe. Tazama nyuma ya futi, pale selotepu inapopita katikati ya kifuniko: imekunjamana na kifuniko kimeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Vikapu vya ukili vinasukuma. Ukivikandamiza wakati wa kufunga vinatulia, ukigeuka vinajinyoosha. Kwa makadirio yangu pale katikati kuna sentimita 2 au 3 juu ya kona, na ubavu wa mbele nao una kitumbo.

Kampuni haipimi kona. Mashine yao ina kamera au miale, inatafuta sanduku dogo kuliko yote lenye pande zilizonyooka ambalo kifurushi chako kingeingia lote, na vipimo vya sanduku hilo ndivyo vinavyotumika. Sehemu moja tu ikichomoza, upande mzima umeongezeka. Kampuni nyingine pia zinapandisha kila upande hadi sentimita kamili kabla ya kuzidisha. Tujaribu: kimo 39 badala ya 36, upana 41 kwa sababu ya kile kitumbo, urefu 50 kwa sababu ncha za vifuniko huwa zinatoka kidogo.

50 × 41 × 39 = 79,950. Gawanya kwa 5000 ni 15.99. Wanatoza 16.0.

Sisemi lazima walipata namba hizi hizi, ziko nyingine zinazoangukia humo humo. Waombe vipimo walivyovisoma, kwa kawaida wanavyo kwenye mfumo wao. Lakini unaona jinsi vijisentimita vinavyofika kilo 2 bila mtu yeyote kuiba. Na unaona kwamba milimita moja zaidi kwenye upande wowote ingekupeleka 16.5.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba sentimita hazina bei moja. Kwenye boksi lako, sentimita moja ikizidi kwenye urefu inaongeza 40 × 36, yaani 1,440, kama robo kilo na kidogo. Ikizidi kwenye kimo inaongeza 48 × 40, yaani 1,920, karibu gramu 400. Upande mfupi kuliko wote ndio ghali kuukosea, na kwenye maboksi mengi upande huo ni kimo, kule kule kifuniko kinakovimba. Zile sentimita 3 za kimo peke yake zinakutoa 14 hadi 15.

Turudi kwenye kusoma picha, maana ukishapata vipimo sahihi hata mtoto wa darasa la tano atagawa.

Picha yako ya kwanza, ya urefu, inaonyesha mwisho wa futi tu. Mwanzo umekatwa. Nitajuaje imeanzia sifuri? Mafundi wa mbao wana tabia ya kuanzia kwenye 10 ili kukwepa ile ndoano ya chuma, halafu wanatoa 10 kichwani. Mtu akikusaidia kupima kwa mtindo huo, picha itasoma 58 na wewe utaichukua 58. Dai ncha zote mbili zionekane, hata kama ni kwa picha mbili.

Halafu simu iwe mbele ya ile ncha unayoisoma, si pembeni. Futi ikining'inia sentimita 2 mbele ya boksi na picha ikapigwa kwa mshazari wa nyuzi 45, ukingo wa boksi utaonekana umehama sentimita 2 nzima kwenye futi. Futi ilale ubavuni mwa boksi, iguse.

Kosa lililoniuma mimi lilikuwa la inchi. Dada mmoja alinitumia picha za boksi la nguo za watoto, amepima kwa futi ya cherehani, zile za kitambaa zenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Nikasoma 22, 16, 14. Nikazidisha haraka haraka, ikaja 4,928, chini ya kilo moja. Mzani wake ulisema kilo 9, nikamwambia utalipia 9, akalipa. Boksi lilipofika mezani ilibidi tulibebe kwa mikono miwili. Zilikuwa inchi. Kwa sentimita ni 55.88 × 40.64 × 35.56, ujazo kama 80,750, yaani 16.15, unatozwa 16.5. Kilo saba na nusu za tofauti nilizilipa mimi kwa sababu nilishampa bei na risiti.

Na dalili ilikuwepo mbele ya macho yangu. Kilo 9 ndani ya lita 5 ni karibu mara mbili ya uzito wa maji. Nguo hazifiki huko hata uzishindilie kwa miguu. Tangu siku hiyo kabla ya kutaja bei nagawa kilo za mzani kwa lita za boksi. Nguo, vikapu, viatu, mito, vyote vinatakiwa vitoe chini ya moja, na vikapu chini sana. Chako wewe ni 6.4 kwa lita 69, kama 0.09, kinaendana na vikapu, kwa hiyo hapo hakuna inchi iliyojificha. Pia namwambia mteja alaze karatasi ya A4 juu ya boksi kabla ya kupiga picha. Karatasi hiyo ni 29.7 kwa 21 popote duniani. Kama anadai upana ni 22 na A4 imelala juu ikaacha nafasi tele pande zote, namba yake si ya sentimita.

Kwa boksi lililovimba, futi peke yake haitoshi. Mwambie alisukume boksi hadi liguse ukuta, aweke ubao au kitabu kigumu upande wa pili kikiwa wima, kiguse kitumbo bila kukikandamiza, halafu apime kutoka ukutani hadi kwenye ubao. Kimo vivyo hivyo: boksi chini sakafuni, ubao juu umelala sawa, apime sakafu hadi ubao. Hicho ndicho kile mashine inachokiona. Na picha zipigwe baada ya selotepu ya mwisho, boksi likiwa limekaa hata nusu saa. Picha za kabla ya kufunga mimi sizipokei tena.

Mimi natumia hii kwenye Google Sheets, A hadi C ni pande kwa sentimita, D ni mzani:

```
=MAX(CEILING(ROUNDUP(A2,0)*ROUNDUP(B2,0)*ROUNDUP(C2,0)/5000,0.5),CEILING(D2,0.5))
```

Hiyo 5000 usiichukulie kama amri. Mizigo ya kawaida ya ndege kupitia wakala mara nyingi inagawiwa kwa 6000. Boksi lako lile lile la 79,950 lingekuwa 13.325, unatozwa 13.5. Uliza kigawanyo kabla ya kuuliza bei ya kilo, maana kuna mwenye bei ndogo na kigawanyo kidogo, na mwisho wa hesabu anakuwa ghali.

Kwa mzigo ujao wa huyo mteja, vikapu viingizwe kimoja ndani ya kingine, kisha boksi lipasuliwe kona nne na kukunjwa lishuke hadi vilipoishia. Kikishuka kimo hadi 30 na vifuniko vikalala bapa, 48 × 40 × 30 ni 57,600, yaani 11.52, unatozwa 12. Visipokubali kulala bapa, ongeza ukubwa wa boksi kidogo badala ya kukandamiza, halafu upime kwa ubao uone ipi imeshinda.

Kuhusu hizo kilo 2, vipimo vyao vikija vinasoma kama nilivyokisia, lipa tu. Ila wakikuletea urefu wa 54 au zaidi kwa boksi hili, hapo una kesi: uliza kama mashine ilipima boksi lako peke yake au lilikuwa limeegemeana na la mwenzako kwenye mkanda, na uwape picha zako tatu.