Ekstensheni ya smati sebuleni, anza na king'amuzi

"Wadau nimenunua ekstensheni ya smati ya sebuleni, nichomeke nini na nizime saa ngapi ili uniti zipungue kweli?"

Mkuu usianze na tivii. Tivii nyingi za siku hizi ukizizima kwa rimoti zinakula kama nusu wati tu, hiyo ekstensheni yenyewe kukaa kwenye waifai inaweza ikala zaidi ya hapo. Wezi ni king'amuzi na sabufa. Kwangu nilipima vikiwa "vimezimwa" kwa rimoti, king'amuzi wati 11, sabufa 8, jumla 19, piga mara masaa 18 ambayo hatuangalii kitu unapata uniti 0.34 kwa siku, mwezi ni kama uniti 10, na hapo hujaangalia hata taarifa ya habari.

Sasa kwenye apu nimeweka soketi za hivyo viwili zizime saa 6 usiku ziwake saa 12 jioni, mtu akitaka mchana anabonyeza kitufe cha soketi, ila king'amuzi kinachukua dakika kadhaa kuamka na kama unarekodi vipindi mchana havitarekodiwa, kwa hiyo hapo panga masaa kivingine. Ruta usiichomeke kwenye soketi inayozimwa, maana waifai ikikata na apu haiifikii tena ekstensheni.

Halafu angalia hii, umeme ukikatika ukarudi baadhi ya ekstensheni zinawasha soketi zote zenyewe. Chomoa uchomeke tena uone, kama zinawaka tafuta kwenye setingi uchague zibaki zilivyokuwa.